Harambee kwa msomaji asiyejua Kiswahili

*"Ninafasiri kwa Kiingereza taarifa ya shule moja ya sekondari nchini Kenya, itakayosomwa na wafadhili wa nje. Sehemu moja inasema: 'Shule yetu ilianza mwaka 1974 ikiwa shule ya harambee. Madarasa 4 ya kwanza yalijengwa kwa harambee, na mwaka jana tuliitisha harambee ya bwalo. Harambee ndiyo roho yetu.' Kila mara nimeandika neno la Kiingereza la kuchangisha fedha, na mhariri amenirudishia akisema haelewi. Neno sahihi ni lipi? Tena, ni kweli kwamba harambee ni jina la mungu wa Kihindi?"*

Mhariri wako ana haki, lakini kosa haliko katika neno ulilolichagua. Liko katika kutumia neno moja mahali penye mambo manne. Katika mistari hiyo mifupi, harambee ya kwanza ni aina ya shule, ya pili ni namna ya kujenga, ya tatu ni mkutano wa siku moja, na ya nne ni kaulimbiu. Mkenya anazisoma zote bila kujikwaa kwa sababu anajua jinsi maana moja ilivyozaa nyingine. Mfadhili wa nje hana ujuzi huo, na kwake shule hiyo inaonekana kama taasisi ambayo tangu 1974 haijafanya jambo lolote ila kuomba pesa.

Tuanze na maana iliyozaa nyingine, kwa kuwa ukiishika hiyo, zilizobaki zitajipanga zenyewe. Kabla ya kuwa nomino, harambee ilikuwa mwito wa kazi. Watu wa pwani waliokuwa wakivuta mzigo mzito waliuita pamoja, na hata leo utausikia ukitamkwa harambee au halambee, kwa kuwa sauti hizo mbili hubadilishana kwa urahisi. Mmoja huita, wengine huitikia, na nguvu hutoka katika ule mwitikio. Ukivuta jahazi kulipandisha ufuoni, nguvu za watu 20 wanaovuta kila mmoja kwa wakati wake hazilisogezi hata shubiri. Watu hao hao wakivuta kwa sauti moja, linapanda. Kwa hiyo kiini cha neno hili ni kukutanisha nguvu katika nukta moja ya wakati, jambo ambalo ni finyu zaidi kuliko umoja na ni tofauti na wema. Watu wanaweza kuwa na umoja wakiwa wamekaa. Harambee haipo mpaka kuwe na mzigo, na mzigo huo uwe mbele ya macho ya wote.

Mwito huo ndio Jomo Kenyatta aliouchukua Kenya ilipopata serikali ya ndani, tarehe 1 Juni 1963, akaufanya wito wa taifa. Umeandikwa katika ngao ya taifa, na kutoka hapo ukaingia katika jina la timu ya taifa ya kandanda na la mojawapo ya barabara kuu za serikali jijini Nairobi. Kwa miaka mingi iliyofuata, vijiji vya Kenya vilijenga shule, zahanati, mabwawa na majosho ya mifugo kwa kuunganisha mikono, mawe, mbao na shilingi. Wala desturi yenyewe haikuanza siku hiyo: Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba walikuwa na mwethya, Wajaluo walikuwa na saga. Harambee ilikuja kuwa jina moja la Kiswahili lililozifunika zote, na kwa kufunika makabila mengi ikapata upana ambao sasa unakusumbua wewe mfasiri.

Kadiri fedha zilivyoshika nafasi ya mikono, jina likahamia kwenye mkutano wenyewe wa kukusanya fedha. Hapo ndipo sarufi inaweza kukusaidia, na ningependa uijaribu katika taarifa nzima. Tazama kitenzi au kihusishi kinachotangulia neno. Ikiwa watu wameita, wameandaa, wamehudhuria au wameahirisha harambee, basi ni tukio lenye tarehe na mahali. Ikiwa kitu kimejengwa, kimechimbwa au kimenunuliwa *kwa* harambee, basi ni njia ya kutenda, nayo inaweza kuwa na kazi ya mikono ndani yake. Ikitanguliwa na jina la taasisi, kama katika *shule ya harambee*, ni hadhi. Na ikisimama peke yake, ama kwa alama ya mshangao ama kama kiima cha sentensi ya sifa, ni kaulimbiu. Jaribio hili halikosei mara nyingi, na halihitaji ujue historia ya shule.

Sasa tukae kidogo kwenye mkutano, kwa sababu ndio ulioshindwa kuingia ndani ya neno lako la Kiingereza. Neno la kuchangisha fedha linamwonyesha msomaji pande mbili: wanaotoa na wanaopokea. Katika harambee, wanaopokea ndio wanaoanza kutoa. Kamati ya bwalo huchapisha kadi na kuzigawa wiki kadhaa kabla, na kila mwenye kadi huandikisha majina na kiasi kutoka kwa jamaa na majirani. Siku yenyewe mwenyekiti wa kamati husimama kwanza na kutoa lake, wazazi hufuata, ndipo mgeni rasmi huitwa na kutoa lake pamoja na la rafiki zake. Kila kiasi hutangazwa kwa jina na kupigiwa makofi. Pesa za mkononi huhesabiwa hapo hapo, za simu husomwa, na ahadi huandikwa kando na tarehe ya kuzilipa. Mwishoni jumla hutajwa mbele ya wote, taslimu mbali na ahadi mbali.

Nimewahi kukaa katika mkutano wa namna hiyo, chini ya turubai, katika uwanja wa shule, bibi mmoja alipokuja mbele na mayai matatu ndani ya kitambaa. Hakuwa na fedha. Mtangazaji hakuyapeleka jikoni. Aliyapiga mnada pale pale. Mtu wa kwanza aliyanunua kwa bei ya kuku, akayarudisha, yakauzwa tena, na ya tatu yakauzwa, kila mara kwa bei iliyopita ile ya awali. Bibi alikaa kwenye kiti chake akitazama mayai yake yakizunguka, na katika daftari kiasi chote kiliandikwa kwa jina lake. Ukilijua jambo hilo utaona kwa nini neno la hisani pia halifai. Mwenye mayai matatu hakupewa kitu, alichangia. Na waliomwinulia mchango wake walimpa nafasi ya kuvuta kamba pamoja nao.

Lile daftari nalo lina maana yake. Familia nyingi huhifadhi orodha za waliochangia karo, matibabu au mazishi yao, si kwa kudai, bali ili siku mwenzao akiita wajue walichopewa. Tunasema *leo kwangu, kesho kwako*, na usemi huo ni maelezo ya hesabu inayotembea kwa miaka. Hesabu hiyo haina riba wala tarehe ya mwisho, wala hakuna mahakama itakayokulazimisha kulipa, lakini asiyechangia kabisa hujulikana. Kwa hiyo hiari ya harambee ni hiari ya mtu anayeishi na wenzake. Msomaji wa nje akidhani ni zawadi tupu atapotoka, na akidhani ni kodi atapotoka vilevile.

Turudi kwenye taarifa yako, sentensi kwa sentensi.

*Shule ya harambee* ya 1974 ndiyo mahali ninapokuomba uwe mwangalifu kuliko pote, kwa kuwa hapo upotoshaji ni wa ukweli wa kihistoria na haukomei kwenye mtindo. Katika miaka hiyo lilikuwa jina la aina ya shule za sekondari zilizoanzishwa na wananchi wenyewe, nje ya mpango wa shule za serikali, na kwa idadi zilizizidi shule za serikali. Mzazi aliyempeleka mtoto huko alijua maana yake: karo kwa kawaida ilikuwa juu kuliko ya shule ya serikali, walimu wengi hawakuwa wamesomea ualimu, na kamati ya wazazi ndiyo iliyolipa mishahara. Baadhi ya shule hizo baadaye zilipata msaada wa serikali kwa sehemu, hasa walimu, na hatimaye zikaingizwa katika mfumo mmoja. Kwa hiyo usiandike kwamba shule ilianza kwa kuchangisha fedha. Andika kwa Kiingereza chako maelezo yenye maana hii: *shule ilianza mwaka 1974 ikiwa shule ya harambee, yaani shule ya sekondari iliyoanzishwa na kugharimiwa na jamii, nje ya mfumo wa shule za serikali.* Neno lenyewe libaki katika Kiswahili, kwa herufi za mlazo, mara hii ya kwanza. Ni jina la aina, na jina la aina halitafsiriwi bila kupoteza kitu.

*Yalijengwa kwa harambee* haiwezi kufasiriwa kabla hujajua kilichotolewa. Kama wazazi walifyatua matofali, wakaleta mchanga kwa mikokoteni na kumlipa fundi kwa fedha walizochanga, sema hivyo: kwa kazi, vifaa na fedha za wazazi. Maneno hayo ni mengi kuliko moja, lakini kila moja lina uzito kwa mfadhili, ambaye mara nyingi katika bajeti yake hutenga nafasi ya mchango wa jamii usio wa fedha. Ukiandika fedha peke yake, umefuta siku za kazi za watu walioinua kuta hizo.

*Tuliitisha harambee ya bwalo* ni mkutano, na hapa tu ndipo neno lako la kuchangisha fedha lina nafasi, mradi uliongezee mambo mawili: kwamba ulikuwa mkutano wa wazi, na kwamba jamii ya shule ilitoa pamoja na wageni. Ikiwa taarifa ina takwimu, zitenganishe. Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba shule ilitaka shilingi 900,000, ikapata taslimu 410,000 siku hiyo na ahadi za 230,000. Tangazo la uwanjani litasema 640,000, na taarifa nyingi hunakili tangazo. Mfadhili atasoma 640,000 kuwa fedha zilizo benki, kisha akikuta 410,000 pamoja na chache zilizolipwa baadaye, atashuku wizi mahali ambapo hapakuwa na wizi. Kutofasiri neno *ahadi* kwa usahihi kumewahi kuharibu uhusiano mwema zaidi kuliko kukosea neno harambee lenyewe.

*Harambee ndiyo roho yetu* iache kama ilivyo, na neno libaki. Kufikia hapo msomaji ameshakutana nalo mara mbili tatu akiona kazi yake, na sasa atalisikia kama Mkenya anavyolisikia. Ukilazimika kuongeza ufafanuzi, tumia ule wa mwito: *tuvute pamoja.* Kiingereza kina usemi wake wa kuvuta pamoja unaokaribia sana, na hapa unafaa. Lakini usiupeleke kwenye sentensi za juu, kwa kuwa usemi huo hauna mkutano ndani yake, wala daftari, wala shule.

Huenda mhariri akakuambia kwamba neno limeshaingia katika baadhi ya kamusi kubwa za Kiingereza, hivyo halihitaji maelezo. Ni kweli limeingia, ila kamusi hizo hulieleza kama mwito wa kazi wa pwani ya Afrika Mashariki na kaulimbiu ya Kenya, basi. Msomaji atakayelitafuta atapata maana ya kwanza na ya nne, na atabaki gizani katika zile mbili zinazohusu shule yako. Vilevile usikubali kulibadilisha kwa *ujima* au *msaragambo*, hata kama umeona mfasiri mwenzako akifanya hivyo. Msaragambo, ambao Watanzania wanaujua vizuri, ni kazi ya mikono ya pamoja kama kuchimba mfereji au kutengeneza barabara ya kijiji, na haubebi ule mkutano wa fedha. Siku hizi Watanzania nao huita harambee ya ujenzi wa kanisa au wa zahanati, na wanapofanya hivyo wanamaanisha fedha, jambo linaloonyesha kwamba wenyewe hawayachanganyi maneno hayo mawili.

Kuhusu asili ya neno, dai ulilolisikia linasema kwamba vibarua kutoka India, ambao zaidi ya 30,000 kati yao waliletwa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria kati ya 1896 na 1901, walikuwa wakimwita mungu wao wa kike Ambe walipoinua vyuma, na Waafrika wakaiga. Baadhi ya Wakristo nchini Kenya wamelikataa neno kwa sababu hiyo, nami sipendi kuidharau dhamiri ya mtu. Hata hivyo dai hilo limesimama juu ya mfanano wa sauti, na mfanano wa sauti peke yake ni ushahidi dhaifu mno katika elimu ya asili ya maneno. Anayedai ukopaji anapaswa kutuonyesha neno likipita kutoka kinywa hiki hadi kile, pamoja na umbo lake la kati na wakati wake. Pia anapaswa kueleza kwa nini tulihitaji kukopa mwito wa kuvuta katika pwani ambayo ilikuwa na mabaharia, wavuvi na wapagazi karne nyingi kabla ya reli. Maelezo yanayokubalika zaidi ni yale ya mwito wa wavuta mizigo wa pwani, nami nayafuata. Wala suala hilo halipaswi kuingia katika tafsiri yako hata kwa tanbihi. Maana ya neno hukaa katika matumizi ya wanaolisema leo, na wazazi waliojenga bwalo hawakuwa wakimwita mungu yeyote wa reli.

Lipo jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini msomaji wako anaweza kulileta mezani. Akitafuta habari za harambee atakutana na lawama kwamba wanasiasa huitumia kununua umaarufu kwa fedha ambazo chanzo chake hakijulikani, na kwamba machifu na wakubwa wa ofisi waliwahi kuwalazimisha walio chini yao kuchangia. Lawama hizo zina msingi. Sheria ya Kenya ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi kuifanya ofisi yake mahali pa kukusanyia harambee au kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Jambo la kutazama hapo ni kwamba sheria hiyo, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ililitumia neno *harambee* lenyewe. Waandishi wa sheria, ambao kazi yao yote ni kupambanua, hawakuona neno la Kiingereza la kuweka mahali pake. Kisha Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali na watumishi wa umma wazuiwe kushiriki harambee. Kwa hiyo, ikiwa mgeni rasmi wa harambee ya bwalo alikuwa mwanasiasa, usimfiche wala usimpambe. Mtaje kwa cheo kama taarifa ilivyomtaja, na uhakikishe kwamba tafsiri inaonyesha kiasi chake kando na cha wazazi.

Hayo ndiyo unayoweza kuyafanya ukiwa mezani pako. Kuna mawili ambayo hayafanyiki mezani. La kwanza ni sentensi ya madarasa 4: mpigie simu mwalimu mkuu, au bora umwombe akukutanishe na mzee mmoja aliyekuwa katika kamati ya mwanzo, umwulize walileta nini, nani alileta, na mabati yalitoka wapi. Mtu aliyebeba mawe hukumbuka mahali alipoyatoa, na dakika 10 za mazungumzo naye zitakupa sentensi ambayo hakuna kamusi itakayokupa. La pili ni kama kuna mahali katika taarifa ambapo *harambee* ni kiasi kilichowekwa kwa kila mwanafunzi, chenye tarehe ya mwisho, na asiyekilipa hurudishwa nyumbani. Hiyo ni ada iliyovikwa jina la harambee, na ukiifasiri kuwa mchango wa hiari utakuwa umemwambia mfadhili jambo lisilo kweli kwa saini yako. Ukiona dalili hiyo, usiamue peke yako neno la kutumia. Mwulize mwalimu mkuu kwa maandishi, na ikiwa taarifa itaambatanishwa na mkataba wa fedha, mwombe wakili anayezijua sheria za elimu na za michango za Kenya aisome sehemu hiyo kabla hujaikabidhi.